Muuzaji kakiri kosa, fidia anaibishia: upokee anachokubali, ufunge kwa kiasi cha katikati, au uchukue bidhaa?

Muuzaji akikiri kosa lakini akaikataa hesabu yako, una njia tatu za kumaliza bila kwenda mahakamani. Unaweza kupokea kiasi ambacho mwenyewe habishii, halafu ukaendelea kudai kilichobaki. Unaweza kukubali kiasi cha katikati na kulifunga jambo moja kwa moja. Au unaweza kulipwa kwa bidhaa. Zote tatu watu huziita "kuelewana", na hapo ndipo matatizo huanza, maana mara nyingi mmoja ameelewa njia ya kwanza na mwenzake ameelewa ya pili.

Nitazilinganisha kwa macho ya mnunuzi wa Tanzania mwenye dai la milioni chache, dai ambalo ada ya wakili inaweza kulimeza lote. Kenya nitaitaja pale inapotofautiana.

Tuchukue mfano. Hesabu zake ni za kutunga, ila mambo yenyewe hutokea kila msimu wa ujenzi. Mama mmoja anajenga nyumba ya wageni ya vyumba vinane Morogoro. Ameagiza Dar mita 320 za mabati ya msauzi, geji 28, na yakaletwa ya geji 30. Geji namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Rangi ni ileile na migongo ni ileile, kwa hiyo mafundi walikuwa wameshaezeka mita 200 ndipo mmoja akaona bati linabonyea akilikanyaga katikati ya papi. Muuzaji akaandika WhatsApp: "Dada, kosa ni letu, tulipakia oda ya mteja mwingine." Akaleta mabati sahihi kwa gari lake na kuyachukua yale mengine. Hapo alifanya vizuri. Ugomvi ulianza mama alipotuma hesabu ya hasara.

| Dai | Anachodai | Anachokubali muuzaji |
|---|---|---|
| Kufumua na kuezeka upya mita 200 | 1,400,000 | 1,000,000 |
| Skrubu, silikoni na kofia zilizoharibika | 260,000 | 260,000 |
| Mafundi 5 kukaa bure siku 6, kwa 30,000 | 900,000 | 0 |
| Vyumba 8 kwa 25,000, siku 14 za kuchelewa kufungua | 2,800,000 | 0 |
| Jumla | 5,360,000 | 1,260,000 |

Angalia kisichokuwemo: tofauti ya bei kati ya geji 28 na geji 30. Angebaki na mabati membamba, hiyo ndiyo ingekuwa fidia yake kuu. Lakini ameshabadilishiwa, na kudai tofauti ya bei pamoja na gharama ya kuezeka upya ni kudai hasara moja mara mbili. Muuzaji mwerevu akiona kosa kama hilo kwenye hesabu yako ataitilia shaka hesabu nzima.

Kabla ya kuchagua, jua dai lako lina thamani gani hasa

Huwezi kulinganisha njia hizi kwa kutumia ile 5,360,000. Hiyo ni namba ya kuanzia mazungumzo. Unahitaji namba nyingine, ya siri, inayoonyesha ungepata kiasi gani kama mtu baki angepitia ushahidi wako mstari kwa mstari.

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara inayotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, au hasara ambayo pande zote mbili zilijua tangu wanaingia mkataba kwamba huenda ikatokea. Hasara ya mbali haimo. Na katika kukadiria, huangaliwa pia kama mdai alikuwa na njia ya kuipunguza hasara akaiacha.

Sasa pima. Kufumua na kuezeka upya ni hasara ya moja kwa moja. Kama fundi alisaini makubaliano ya shilingi 7,000 kwa mita na akalipwa kwa njia inayoonekana, 1,400,000 yote ina nguvu. Hoja ya muuzaji kwamba "bei ya kuezeka ni 5,000" inasahau kuwa kufumua nako ni kazi. Mafundi kukaa bure kuna udhaifu: muuzaji atauliza kwa nini siku sita zote hawakupewa kazi nyingine ndani ya nyumba, na lazima swali hilo lijibiwe. Siku tatu zinateteeka, sawa na 450,000. Ukijumlisha na skrubu na vingine vya 260,000, una 2,110,000 ambazo ningezisimamia bila wasiwasi.

Vyumba ndiyo sehemu ya kujidanganya. Nyumba mpya ya wageni haijazi vyumba vyote wiki ya kwanza. Weka nusu, inabaki 1,400,000. Toa umeme, sabuni, kufua mashuka na chai ya asubuhi, tuseme 400,000, inabaki 1,000,000. Halafu kuna swali kubwa zaidi: muuzaji alijua? Kama oda ilisema "mabati mita 320" tu, dai hili linaelekea kuwa hasara ya mbali. Kama wakati wa kuagiza mama aliandika "nafungua nyumba ya wageni tarehe 1, yasichelewe", lina miguu. Tuseme uwezekano ni nusu kwa nusu, basi lihesabu kama 500,000.

Thamani halisi ya dai inakuwa kama 2,610,000. Kuanzia hapa, hii ndiyo namba ya kupimia kila kitu.

Njia ya kwanza: chukua kisichobishaniwa, bakiza ugomvi

Muuzaji amekubali 1,260,000. Unamwambia alipe hiyo sasa, kwa kuwa hakuna anayeibishia, na mengine mtaendelea kuyazungumza. Uzuri wake ni kwamba fedha inaingia wakati mafundi wanaidai, na muuzaji hawezi tena kutumia kiasi anachokubali kama chambo cha kukufanya usamehe anachokataa.

Ubaya wake ni kwamba muuzaji akishalipa, presha inampungua. Ameshatoa kitu na ameshajiona muungwana, na mara nyingi simu zako za wiki inayofuata hazipokelewi. Kwa hiyo njia hii inakufaa tu kama kilichobaki kina thamani ya kukifuatilia na ushahidi wake hauozi.

Hatari kubwa lakini iko kwenye maneno yanayosindikiza malipo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania ina asili yake katika ile ya India ya 1872, na imerithi kanuni kwamba anayedai anaweza kusamehe sehemu ya anachodai, au kupokea kingine badala yake, na deni likaisha. Ukipokea 1,260,000 iliyotolewa kama malipo ya mwisho na ukanyamaza, umempa muuzaji nafasi ya kusema ulikubali. Kenya inafuata kanuni za Uingereza, na Uingereza kuna kesi maarufu iliyoripotiwa mwaka 1966, D & C Builders dhidi ya Rees. Mafundi walikuwa wanadai pauni 482 na ushee, wakapokea 300 kwa sababu ya shida ya fedha, na mahakama ikawaruhusu kudai salio. Wengi huikumbuka kesi hii kama kinga. Lakini kule kiasi cha deni hakikuwa kinabishaniwa. Kwetu kinabishaniwa, na pande mbili zikikubaliana kati ya hesabu mbili zinazogongana kwa nia njema, makubaliano hayo hufunga hata huko Uingereza. Usiitegemee.

Kinga yako ni kuandika kabla fedha haijaingia:

"Tunathibitisha kwamba mlikiri tarehe … kuwa mabati mliyoleta hayakuwa ya geji iliyoagizwa. Kati ya madai yetu ya shilingi 5,360,000, mmekubali shilingi 1,260,000, yaani 1,000,000 ya kufumua na kuezeka na 260,000 ya skrubu, silikoni na kofia. Tunaomba mlipe kiasi hicho ifikapo tarehe … . Tutakipokea kama malipo ya sehemu tu. Salio la shilingi 4,100,000 bado tunalidai na haki zetu juu yake zinabaki kama zilivyo."

Hakuna neno la mapambo hapo. Ukiri umetajwa pamoja na tarehe yake, kiasi kimechanganuliwa, na tabia ya malipo imesemwa mapema. Fedha ikiingia na maelezo ya benki au ya simu yakasomeka "malipo ya mwisho", jibu siku hiyohiyo kwa maandishi kwamba umepokea kama sehemu kwa mujibu wa barua yako. Akikuletea vocha ya kusaini, isome mpaka mstari wa chini kabisa, kwa sababu vocha nyingi zimeshachapwa kwamba mpokeaji hana dai lingine. Kata mstari huo, weka saini fupi pembeni, na piga picha kabla hujairudisha. Akikataa vocha iliyokatwa, umejua mapema kwamba hakuwa anatoa malipo ya sehemu.

Kuhusu WhatsApp: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kutumika kama ushahidi. Hata hivyo picha ya skrini peke yake ni rahisi kuitilia shaka. Tunza simu yenyewe na usifute mazungumzo.

Njia ya pili: kiasi cha katikati, jambo limefungwa

Hapa muuzaji anasema: "Mimi nakupa 1,800,000, tumalizane." Iweke kando ya njia ya kwanza. Inakupa 540,000 zaidi leo. Inachokunyima ni nafasi ya kufuatilia salio, ambalo kwa thamani halisi ni 2,610,000 ukitoa 1,260,000, yaani 1,350,000. Kwa hiyo swali ni moja: kulifuatilia hilo salio kutakugharimu zaidi ya 810,000, yaani 1,350,000 ukitoa 540,000? Hesabu nauli za Morogoro hadi Dar, siku ambazo hutakuwa saiti, na wakili kama utamhitaji. Ikizidi, chukua 1,800,000. Isipozidi, bado hujafika pa kufunga.

Gharama hiyo inategemea sana mahali pa kwenda. Kwa ukubwa wake, dai hili liko ndani ya kikomo cha Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri linaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kusimama mwenyewe. Kenya kuna mahakama ya madai madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016, yenye kikomo cha shilingi milioni moja za Kenya, na shabaha yake ni kumaliza shauri ndani ya siku 60. Anayejua mlango huo na asiyeogopa kuuingia hufunga kwa bei nzuri kuliko anayeona barua ya wakili kuwa ndiyo mwanzo wa kila kitu.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa: ofa ya kiasi cha katikati isiandikwe kwenye barua ileile ya njia ya kwanza. Barua ya kwanza unataka uionyeshe mbele ya hakimu, maana ndani yake kuna ukiri wa muuzaji na kiasi kilichokubaliwa. Ofa ya pili hutaki aione mtu, kwa sababu ukiandika "nitakubali 2,200,000" na mazungumzo yakavunjika, namba hiyo inakuwa dari yako. Ipeleke peke yake, na juu yake uandike kwamba inatolewa bila kuathiri haki za upande wowote, kwa ajili ya mapatano tu, na isitumike kama ushahidi. Na maneno hayo usiyabandike kila mahali. Ukiyaweka kwenye barua yenye ukiri, umeufungia kabatini ushahidi wako mwenyewe.

Ofa yenyewe ianzie wapi? Kwa mfano wetu ningeomba 2,400,000 nikiwa tayari kushuka mpaka 2,100,000, ambayo ni karibu sawa na sehemu yenye ushahidi imara. Maana yake nasamehe vyumba vyote. Muuzaji anayesikia "naacha kabisa dai la vyumba, nilipe kazi ya mafundi yote" huwa na kitu cha kumweleza bosi wake. Anayesikia "punguza punguza hapo" hana.

Kwenye hati ya mwisho, zingatia mambo mawili. Dai lifungwe pale fedha yote itakapopokelewa, siyo pale mnaposaini. Kama ni kwa awamu, andikeni kwamba akikosa awamu moja, dai la awali lote linarudi, ukitoa alichokwisha kulipa. Bila sentensi hiyo utajikuta umesamehe milioni tatu na nusu, na hata zile 1,800,000 unazifukuzia. La pili ni mipaka ya unachokifunga. Andika kwamba unafunga madai ya kuletewa geji isiyo sahihi na ucheleweshaji uliotokana nayo. Usisaini kwamba huna dai lolote linalohusu mabati haya. Mabati mapya yako juu ya paa sasa, na kama rangi itachubuka kabla ya muda wa dhamana utahitaji mlango huo uwe wazi.

Njia ya tatu: bidhaa

Wauzaji wanaipenda hii, na si kwa hila. Akikupa bidhaa za 2,500,000 wakati faida yake ni asilimia 20 ya bei, zinamgharimu yeye 2,000,000. Ndiyo maana namba ya bidhaa huwa kubwa kuliko ya taslimu, na kama bado una kazi ya kumalizia, inaweza kuwa ndiyo bora kuliko zote. Mama wa Morogoro bado anahitaji gata, kofia na mabati ya uzio. Kwake 2,500,000 ya vitu ambavyo angevinunua hata hivyo ni karibu sawa na fedha.

Kwa asiye na mradi mwingine, thamani inashuka haraka. Utanunua vitu usivyohitaji, au utapewa bei ambayo mteja wa taslimu haoni. Na duka likifungwa kabla hujachukua, unapanga foleni na wadai wengine. Ukikubali, iandikwe kwamba bei ni ile ya mteja wa taslimu siku ya kuchukua, kwamba unaweza kuchagua bidhaa yoyote dukani, na kwamba kisichochukuliwa kufikia tarehe fulani kinalipwa kwa fedha. Sharti la mwisho ndilo litakaloonyesha kama ofa ni ya kweli.

Kama umesajiliwa kwa VAT, zungumza na mhasibu wako kabla ya kukubali kredit noti. Punguzo la bei ya mzigo wa awali linagusa kodi uliyokwisha kuidai, na halipaswi kuandikwa kwa namna moja na fidia ya hasara.

Kama hujamaliza kumlipa

Mambo yote hapo juu yanadhani fedha yako iko kwake. Kama bado anakudai, una nguvu zaidi kuliko unavyodhani. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Tanzania (Sura ya 214) na Kenya (Sura ya 31) zote zinafuata ile ya Uingereza ya 1893, na zinamruhusu mnunuzi kutumia hasara ya bidhaa isiyolingana na makubaliano kupunguza bei anayodaiwa. Kata kiasi alichokubali, lipa kilichobaki kwa wakati, na ambatanisha hesabu. Ukizuia deni lote kwa ajili ya dai lenye ubishi, unampa yeye sababu ya kukudai wewe.

Ningechagua lipi

Kwa mama huyu ningeanza na barua ya njia ya kwanza, nimpe muuzaji siku saba za kulipa 1,260,000. Fedha hiyo inalipa mafundi, na jinsi atakavyoijibu barua itakuonyesha kama neno lake kwenye WhatsApp lilikuwa la kweli. Akilipa bila masharti, siku hiyohiyo ningemtumia barua ya pili, ya mapatano: ongeza 850,000 taslimu, au bidhaa za 1,100,000 kwa masharti niliyoyataja, tufunge. Jumla ya taslimu inakuwa 2,110,000, karibu na kiwango changu cha chini, kwa kuwa ameshaonyesha nia njema, na vyumba ninaviacha.

Akikataa kulipa hata anachokubali mpaka nisaini kufunga vyote, ningeipima 1,800,000 yake kwa ile hesabu ya 810,000. Kwa mtu anayeweza kwenda Mahakama ya Mwanzo mwenyewe akiwa na mkataba wa fundi, risiti za skrubu na simu yenye ukiri wa muuzaji, haitoshi. Kwa mtu ambaye makubaliano yake na fundi yalikuwa ya mdomo na malipo yalikuwa ya mkononi, inatosha, na ningeichukua kabla muuzaji hajaomba kuona vithibitisho.